RSI ya Excel inaniambia niuze, ya kwenye chati imelala, na bei haijasogea hata shilingi. Nani mkweli?

Mkaazi_Fuoni

Assalaam alaykum wana jukwaa. Nina hisa kidogo za kampuni moja iliyoorodheshwa soko la Dar (DSE). Siitaji jina, maana sitaki uzi ugeuke wa kuisifu au kuiponda kampuni. Bei za kufunga naziandika mwenyewe kila jioni kwenye Excel, na nikatengeneza safu ya RSI ya siku 14, kile kipimo cha 0 mpaka 100 cha kupanda na kushuka kwa bei, kama tulivyofundishwa kwenye darasa moja la mtandaoni: wastani wa kupanda, wastani wa kushuka, gawanya, ingiza kwenye kanuni.

Tatizo langu ni hili. Siku 14 za mwanzo mabadiliko ya bei yalikuwa hivi, kwa shilingi:

```
+4 -2 +3 0 +5 -3 +2 +4 -1 0 +6 -2 +3 +1
```

Bei ilianza 500, ikafika 520. Baada ya hapo ikapanda 5, ikashuka 4, halafu siku tatu mfululizo haikusogea. Imekaa 521. RSI yangu juzi ilikuwa 72.22, jana 72.22, leo imeanguka mpaka 67.74. Darasani tuliambiwa RSI ikivuka 70 kuja chini, hiyo ndiyo ishara ya kuuza. Lakini nikifungua programu ya chati kwenye simu, hisa hiyohiyo, RSI hiyohiyo ya 14, inasoma 74.1 na kwa siku zote tatu haijabadilika.

Nimehakiki bei zangu na ripoti ya soko, ziko sawa. Sasa nani mkweli? Na niuze au nisiuze?

---

Kendo_Nyekundu

Uza. Ilikuwa ovaboti, sasa imevunja 70. Unangoja nini tena yakhe?

---

Bint_Chake

Kaka Kendo, imevunja 70 kwa Excel yake tu. Kwenye chati haijavunja chochote.

Mkaazi, mimi nadhani wewe unatumia wastani wa kawaida na chati inatumia ule unaozipa siku za karibuni uzito zaidi, EMA ya 14. Ndiyo maana hazilingani. Badilisha wastani wako uwe EMA, zitalingana.

---

Hesabu_za_Skuli

Bint Chake umegusa penyewe ila umepita kidogo. Ni wastani unaolainishwa, kweli, lakini si EMA ya 14. EMA ya 14 humpa mgeni wa leo uzito wa 2/15. Welles Wilder, aliyeileta RSI mwaka 1978, alimpa uzito wa 1/14. Hiyo ni taratibu zaidi, karibu nusu ya kasi. Ukitaka kuigiza ya Wilder kwa EMA inabidi uweke 27, si 14. Programu za chati za MetaTrader na TradingView zote zinafuata ya Wilder, kwa hiyo mtu akiweka EMA ya 14 kwenye Excel atapata namba ya tatu isiyofanana na ya wastani wa kawaida wala ya chati, na atazidi kuchanganyikiwa.

Mkaazi, tuanze na namba zako. Siku 14 za mwanzo ukijumlisha kupanda unapata 28, kushuka unapata 8. Wastani wa kupanda ni 2.00, wa kushuka ni 0.5714. Kanuni inaandikwa hivi:

```
RS  = wastani_kupanda / wastani_kushuka
RSI = 100 - 100 / (1 + RS)
```

Watu huiogopa kwa sura yake, lakini ukiikunjua inabaki kitu chepesi sana: kupanda gawanya kwa kupanda na kushuka vikijumlishwa, zidisha kwa 100. Yaani 28 juu ya 36, ni 77.78. Mpaka hapo wewe na Wilder mko pamoja, maana naye siku ya kwanza anatumia wastani wa kawaida.

Mnaachana siku ya 15. Wewe unamtoa wa kwanza kwenye orodha, +4, unamwingiza +5. Wilder hamtoi mtu. Chukulia sufuria la uji lenye vikombe 14: kila siku anachota kikombe kimoja cha uji uliokwisha changanyika na kumimina kimoja kipya. Uji wa zamani unazidi kuwa mwepesi lakini haupotei kwa siku moja. Kwa namba:

```
kupanda  = (2.00 * 13 + 5) / 14   = 2.2143
kushuka  = (0.5714 * 13 + 0) / 14 = 0.5306
RSI      = 80.67
```

Siku ya 16, iliposhuka 4, kupanda inakuwa 2.0561, kushuka 0.7784, RSI 72.54. Sasa tazama siku ya 17 ambayo bei haikusogea. Kupanda kunazidishwa kwa 13/14, kushuka nako kunazidishwa kwa 13/14. Vyote viwili vimepungua kwa kiasi kilekile, uwiano haukuguswa, RSI inabaki 72.54. Siku ya 18 hivyohivyo, ya 19 hivyohivyo. Bei haina habari mpya, na RSI haina habari mpya.

Kwako wewe leo nini kimetokea? Soko halikufanya kitu. Kilichotokea ni kwamba ile +5 ya siku ya tano imefika mwisho wa siku zake 14 na kudondoka nje ya dirisha. Jumla ya kupanda ikatoka 26 kuwa 21, kushuka ikabaki 10, na 21 juu ya 31 ni 67.74. Ishara yako ya kuuza imetoka kwenye tukio la wiki tatu nyuma.

---

Mkaazi_Fuoni

Subhanallah. Yaani nilikuwa nauza kwa sababu ya jambo lililokwisha kupita. Mwalimu, hebu niandikie namna ya kuiweka kwenye Excel. Bei ziko safu B kuanzia B2, kupanda C, kushuka D.

---

Hesabu_za_Skuli

Mabadiliko yako 14 yako mstari wa 3 mpaka wa 16. Mstari wa 16 peke yake tumia wastani wa kawaida, chini yake shuka na hii:

```
E16: =AVERAGE(C3:C16)
F16: =AVERAGE(D3:D16)
E17: =(E16*13+C17)/14
F17: =(F16*13+D17)/14
G17: =100*E17/(E17+F17)
```

Buruta ya 17 mpaka chini. Kushuka kwenye safu D andika namba chanya, usiweke alama ya kutoa, vinginevyo utapata RSI za ajabu zinazopita 100. Hilo nimeliona kwa wanafunzi zaidi ya mmoja.

---

Ami_wa_Wete

Wanangu, mimi nasoma tu humu, lakini nina suala. Hii RSI yaweza kunambia lini niuze karafuu? Nina magunia ndani.

---

Kendo_Nyekundu

😂😂 Ami karafuu zinauzwa ZSTC kwa bei iliyotangazwa, hapo hamna chati.

---

Hesabu_za_Skuli

Msimcheke Ami, suala lake lina faida. RSI haijui bei, inajua mabadiliko ya bei. Karafuu ikiwa na bei moja iliyotangazwa msimu mzima, kupanda ni sifuri na kushuka ni sifuri. Sifuri gawanya kwa sifuri, hakuna jibu. Programu nyingine hapo huweka 50 ili chati isikatike, MetaTrader 5 hufanya hivyo, lakini ile 50 ni ya mtunga programu, haikutoka sokoni. Ami, kwa karafuu sikiliza tangazo la bei na uangalie ukavu wa mzigo wako. Chati haitakufaa.

---

Ami_wa_Wete

Haya. Shukran mwanangu. Ukavu tunaujua wenyewe.

---

Mkaazi_Fuoni

Nimerudi. Nimeweka kama ulivyosema na nimepata 72.54, na kwa siku tatu haisogei. Imekaribia lakini bado si 74.1 ya kwenye chati. Nimepitia kila mstari, sioni kosa.

---

Bint_Chake

Nadhani hapa najua. Excel yako imeanza siku 19 nyuma. Chati imeanza tangu hisa hiyo ilipoingia kwenye kumbukumbu zao, labda miaka. Kama Wilder hamtoi mtu kwenye sufuria, basi chati ina uji wa zamani ambao wewe huna.

---

Hesabu_za_Skuli

Ndiyo, ni hilo hasa. Wastani wako wa kwanza uliokisiwa kwa siku 14 bado unabeba uzito mkubwa. Siku tano baada ya kuanza una asilimia 69 ya uzito wote. Siku 14 baada ya kuanza unabaki asilimia 35 hivi, baada ya 50 unafika asilimia mbili na nusu, na baada ya 100 huwezi tena kuuona kwenye desimali unazosoma. Kwa hiyo RSI ya Wilder iliyoanzishwa juzi na iliyoanzishwa mwaka jana hazilingani hata kama kanuni ni moja na bei ni zilezile.

Tafuta bei za kufunga za miezi sita nyuma, zianzishe humo, uone.

---

Kendo_Nyekundu

Mnahangaika na desimali. 72 au 74, zote ziko juu ya 70. Ovaboti ni ovaboti. Kitu kimenunuliwa kupita kiasi, wanunuzi wamekwisha, kinashuka. Mimi nafanya dhahabu kwenye chati ya dakika 5, RSI ikigonga 70 nauza, ikirudi 60 nafunga. Mara nyingi nashinda. Hii ndiyo kazi yangu, si nadharia.

---

Bint_Chake

Na zile mara chache?

---

Kendo_Nyekundu

Zile ni kawaida ya biashara, dada.

---

Hesabu_za_Skuli

Kendo, sikukatazi njia yako, lakini ile sentensi ya "wanunuzi wamekwisha" haimo kwenye kanuni. Hakuna mahali RSI inapohesabu wanunuzi. Haihesabu hata kiasi cha hisa zilizouzwa. RSI 70 maana yake ni moja tu: kwa wastani wa siku za karibuni, kupanda kumekuwa mara 2.33 ya kushuka. Saba juu ya tatu, basi.

Nitatoa mifano miwili tuone neno ovaboti linatupeleka wapi.

Chukua hisa ya Mkaazi ilipokuwa 520, yenye wastani ule wa 2.00 na 0.5714. Tuseme kuanzia hapo inapanda shilingi moja kila siku, kwa siku 30, bila kushuka hata mara moja. Mwisho wa siku 30 bei ni 550. Imepanda chini ya asilimia 6, mwendo wa kobe. RSI yake? Kupanda kumekuwa 1.108, kushuka kumeyeyuka mpaka 0.062, RSI ni 94.7. Kwa lugha ya Kendo hiyo imepita ovaboti, ni ya kukimbiwa.

Sasa chukua nyingine, nayo inaanza 520, lakini leo inapanda 10, kesho inashuka 6, keshokutwa inapanda 10. Baada ya siku 30 imefika 580. Imepanda mara mbili ya ile ya kwanza. RSI yake ikishatulia inapanda na kushuka kati ya 61 na 64, haigusi 70 kabisa.

Hisa iliyopanda zaidi haikuitwa ovaboti. Iliyopanda kidogo ndiyo iliyoitwa. Kwa hiyo RSI haipimi bei imekuwa ghali kiasi gani. Inapima mwendo umekuwa wa upande mmoja kiasi gani. Na mwendo wa upande mmoja, tulivu, bila kurudi nyuma, ndiyo hali ya soko lenye trendi nzuri. Anayeuza kila RSI ikipita 70 anazikimbia hasa zile hisa zinazokwenda vizuri, na kubaki na zinazoyumba.

---

Mkaazi_Fuoni

Hapa ndipo nilipopotea tangu mwanzo. Darasani walituchorea mstari wa 70 mwekundu na wa 30 wa kijani, kama taa za barabarani.

---

Sheha_Mtarajiwa

Kendo dhahabu yako ya 2025 uliuza wapi? 😅

---

Kendo_Nyekundu

Mimi nafunga ndani ya saa moja, silazi biashara. Sizungumzii chati ya siku.

---

Hesabu_za_Skuli

Sheha kaleta mfano mzuri, nitautumia kwa chati ya siku. Mwanzo wa Septemba 2025 dhahabu ilipita dola 3,500 kwa aunsi na RSI ya siku ilikuwa tayari juu ya 70. Aliyeuza kwa sababu hiyo aliiona ikivuka 4,000 tarehe 8 Oktoba, ikafika karibu 4,380 tarehe 20 Oktoba. Kesho yake ilianguka zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja, na wengi wakasema "tulisema ilikuwa ovaboti". Lakini hata baada ya kuanguka huko, siku hiyo bei ilibaki juu ya 4,000. Aliyeuza 3,500 hakuokolewa na anguko hilo. Na kama alikuwa ameuza dhahabu asiyo nayo kwa mkopo wa dalali, huenda akaunti yake ilikwisha kabla ya Oktoba.

RSI ilisema kweli wakati wote huo: kupanda kunazidi kushuka kwa mbali. Waliosema "basi itashuka" ni watu.

---

Sheha_Mtarajiwa

Na huo mkopo wa dalali, jamani, na ile tozo ya kulaza biashara usiku, masheikh wetu wameyasemea. Kuna akaunti zisizo na tozo hiyo lakini wengine wanasema bado haijuzu. Mkaazi anamiliki hisa kweli, hilo jengine.

---

Bint_Chake

Sheha hilo lina uzi wake, tafadhali tusihamie huko, tutalala humu.

Mwalimu, mimi nilifundishwa hivi: soko likiwa linazunguka sehemu moja, ovaboti inafanya kazi, uza 70 nunua 30. Soko likiwa na trendi, usiuze. Si ndiyo?

---

Hesabu_za_Skuli

Ndiyo, na ni kauli nzuri. Shida yake ni kwamba unajua soko lilikuwa linazunguka baada ya kwisha kuzunguka. Siku bei inapotoka kwenye kizuizi chake ndiyo siku RSI inapopita 70 kwa nguvu, na kwa mwenye kanuni yako siku hiyo inafanana kabisa na zile za kuuza. Ndiyo maana njia ya Kendo inashinda mara nyingi: masaa mengi soko linazunguka. Halafu siku moja halizunguki, na hasara ya siku hiyo inakula faida za siku nyingi. Kushinda mara nyingi na kupata faida ni hesabu mbili tofauti.

Kinachoweza kukusaidia ni kuangalia RSI inaporudi chini inaishia wapi. Soko likiwa kwenye trendi ya kupanda, RSI ya siku kwa kawaida hurudi mpaka maeneo ya 40 au 50 kisha inainuka, haifiki 30. Kwenye trendi ya kushuka ni kinyume, inapanda mpaka 55 au 60 na kuchoka. Kwa hiyo mimi sitazami 70 sana. Natazama mabonde yake ya chini. Hata hilo si sheria, ni tabia tu, na huvunjika.

---

Kendo_Nyekundu

Lakini Wilder mwenyewe ndiye aliyeweka 70 na 30. Mnamfundisha Wilder?

---

Bint_Chake

Aliweka, lakini hakusema ukigusa uuze. Kitu alichokitilia mkazo ni kile RSI inapopita 70, inarudi kidogo, inapanda tena ikashindwa kufika kilele chake cha kwanza, halafu ikavunja lile bonde la katikati. Hapo ndipo aliposema kuna dalili ya kugeuka. Ni hatua nne, Kendo unachukua ya kwanza tu.

---

Hesabu_za_Skuli

Ahsante Bint Chake, hapo sina la kuongeza ila moja: hata hiyo hatua nne hushindwa vizuri tu kwenye trendi kali.

---

Mkaazi_Fuoni

Nimeleta majibu. Nimekusanya bei za kufunga tangu mwanzo wa mwaka, nimeingiza, na RSI imetoka 74.1. Sawasawa na chati. Alhamdulillah, angalau nimejua Excel yangu haijarogwa.

Kwa hiyo siku zisizosogea hazina athari yoyote, naweza kuziruka nisiziandike?

---

Hesabu_za_Skuli

Hapana, ziandike. Siku isiyosogea haibadilishi RSI ya siku hiyo, lakini inabadilisha uzito wa siku inayokuja. Kumbuka kupanda na kushuka vyote vinapungua kila siku ya kimya. Sufuria linazidi kuwa jepesi, kwa hiyo tone dogo linaonjeka sana.

Tumia namba za Excel yako ya kwanza. Siku ya 16 RSI ilikuwa 72.54. Kama kesho yake bei ingeshuka shilingi 2, RSI ingekuwa 68.80. Baada ya siku tatu za kimya, shilingi 2 zilezile zinaishusha mpaka 67.93. Tofauti ndogo. Lakini hisa ikilala siku 20, kama zinavyolala nyingi pale DSE, shilingi 2 zilezile zinaitoa 72.54 mpaka 58.55 kwa pigo moja.

Chati nyingine huziruka siku zisizo na biashara, nyingine huzichora kwa bei ya jana. Ndiyo maana hata programu mbili zenye kanuni moja ya Wilder na historia moja zinaweza kutofautiana kwa hisa zisizochangamka. Kwa dhahabu huwezi kuliona hili, kwa hisa za huku utaliona.

Na tafakari hizo shilingi 2 ni nini. Kwa bei ya 521 ni chini ya nusu ya asilimia. Ada ya dalali na tozo za soko za kuuza peke yake zinazidi hapo. Utakuwa umelipa zaidi kukimbia kuliko ulichokikimbia, na bado hujalipa za kununua tena.

---

Kendo_Nyekundu

Hapo kwenye ada nakubali. Kwenye dhahabu spredi ni ndogo, ndiyo maana mimi naweza. Kwa hisa za DSE njia yangu haifai. Lakini kwa dakika 5 nitaendelea, mwisho wa mwezi nitaleta taarifa ya akaunti humu.

---

Sheha_Mtarajiwa

Lete nzima, usilete picha za kijani tu.

---

Mkaazi_Fuoni

Basi siuzi kwa sababu ya RSI. Lakini mwalimu, niseme kweli, bado sijajua nitauza lini. Kama 70 si ishara, ishara ni ipi?

---

Hesabu_za_Skuli

Hilo RSI haiwezi kukujibu, na mimi siwezi kukujibu bila kujua ulinunua kwa nini. Kama ulinunua kwa gawio, tazama gawio. Kama ulinunua kwa sababu bei inapanda, amua sasa, bei ikiwa 521, ni bei gani itakuonesha kwamba haipandi tena, uiandike. Bei, si RSI. RSI inaweza kushuka bila bei kushuka kwa maana yoyote, umeona mwenyewe.

---

Bint_Chake

Nami nina jambo la kuuliza kabla hatujafunga. Mkaazi, hiyo bei ya 521 kwa siku tatu, kuna hisa ngapi ziliuzwa? Mimi nimewahi kuona kwenye ripoti ya soko bei ya kufunga ikiwa imebebwa na biashara ya hisa chache mno. Kama siku ile ya +5 ilikuwa mtu mmoja kanunua hisa mia, basi na RSI kupanda mpaka 80.67 ni kazi ya mtu huyo mmoja.

---

Mkaazi_Fuoni

Sijaangalia kiasi hata siku moja, nilikuwa nanakili bei tu. Nimefungua ripoti sasa hivi. Siku mbili kati ya tatu ni sifuri. Ya +5 naitafuta, faili la siku hiyo halifunguki kwenye simu. Jumatatu nitampigia dalali anisomee, na nimuulize pia upande wa wanaotaka kununua kuna nini.

---

Hesabu_za_Skuli

Muulize na bei wanazotaka, si idadi tu. Halafu uziweke humu.